Kuunganisha dispensa ya maji na bomba la mtandao: mwongozo kamili, kuanzia koki hadi mrija wa trei

Wasomaji wengi waliojaribu kazi hii wamekwama mahali pale pale. Maji yanafika kwenye dispensa vizuri, siku ya tatu kiungo kimoja kinaanza kutoa machozi, na wiki ya pili trei inafurika kwa sababu mrija wake hautoi maji. Kwa hiyo hatua ya kukata mrija na ile ya trei nimezipa nafasi kubwa kuliko nyingine.

Mfano ninaoutumia ni wa ofisi moja ya ghorofa ya pili Dar es Salaam. Dispensa ni ya kusimama, ya maji ya moto na baridi, yenye tundu la kuingizia maji nyuma. Sinki la jikoni liko mita 7 kutoka hapo, ukutani kwa ukutani, bila mlango katikati. Kama kwako kuna mlango kati ya sinki na dispensa, fikiria kwanza kuihamisha dispensa, kwani mrija wa trei hauwezi kupanda juu ya fremu ya mlango kisha ushuke.

## Vifaa

- Mrija wa plastiki wa robo inchi (kipimo cha nje, milimita 6.35), mita 10. Uwe wa maji ya kunywa, wenye alama kama NSF 61 iliyochapwa ubavuni. Chagua usiopitisha mwanga, kwa maana mrija mweupe unaopigwa na jua huota ukijani ndani.
- Tii ya nusu inchi yenye tawi la robo inchi, na valvu ndogo ya kufunga kwa robo mzunguko.
- Valvu ya njia moja ya robo inchi.
- Kipunguza presha na geji ya presha.
- Filta mbili: ya kuzuia mchanga (maikroni 5) na ya kaboni.
- Fitingi za kuchomeka za robo inchi: elbo 3, na viungo vya moja kwa moja 2 vya akiba.
- Mpira wa trei wenye upana wa ndani usiopungua milimita 12, mita 8, pamoja na bendi zake.
- Bomba la umeme la PVC la milimita 20, la kupitishia mrija, na klipu zake.
- Thredi tepu, ile nyeupe nyembamba.
- Kikatio cha mirija au wembe mpya, makapeni, futi, kipima usawa, spana mbili, ndoo mbili na karatasi za tishu.

Kitu kimoja usinunue hata ukishauriwa dukani: koki ya kubana juu ya bomba, ile inayotoboa kwa sindano yake. Tundu lake ni dogo na huziba kwa mchanga, raba yake hukauka, na siku ukitaka kuifunga kabisa haifungi. Tii inakugharimu nusu saa zaidi ya kazi, lakini ukishaifunga inakaa.

## 1. Pima presha, mchana na usiku

Funga geji kwenye koki yoyote ya jikoni, fungua maji, soma. Rudia usiku wa manane au alfajiri kabla watu hawajaamka. Watu wakifunga koki zao, presha kwenye bomba la mtaa hupanda, na kiungo kinachopasuka hupasuka saa hizo. Katika ofisi yetu geji ilisoma baa 2.5 saa nane mchana na baa 5.2 saa kumi alfajiri.

Sasa soma kibandiko nyuma ya dispensa. Kitakuambia presha ya chini na ya juu inayokubalika. Kama hakisemi, lenga baa 2 hadi 3. Usiku ukizidi kiwango hicho, kipunguza presha ni lazima.

Wanaotegemea tangi la juu wana tatizo la upande wa pili. Kila mita 1 ya kimo hutoa takriban baa 0.1, hivyo tangi lililo mita 4 juu ya dispensa linakupa baa 0.4 tu. Maji hayo yatapita kwenye filta kwa shida, na valvu ya ndani ya dispensa huenda isifunguke. Hapo unahitaji pampu ndogo ya kuongeza presha, na ni heri kulijua hilo kabla hujakata kitu.

Umefaulu kama: una namba mbili zilizoandikwa, ya mchana na ya usiku, na umejua kama unahitaji kipunguza presha, pampu, au hakuna.

## 2. Weka tii na valvu ya kufunga

Chini ya sinki kuna koki ya pembeni, na kutoka hapo mpira wa chuma unapanda kwenda kwenye bomba la sinki. Tii inakaa kati ya hivyo viwili. Funga koki, fungua bomba la sinki ili presha iishe, weka ndoo, kisha legeza mpira.

Zungushia thredi tepu kwenye thredi za nje mara 8 hadi 10, kwa kufuata mzunguko wa saa ukiwa umeelekezewa ncha ya thredi. Ukizungusha kinyume, tepu inakunjuka wakati unakaza. Mahali penye wosha ya raba, kama mwisho wa ule mpira, tepu haihitajiki. Raba ndiyo inayozuia maji, na tepu huifanya ikae upande.

Shika koki kwa spana moja na ukaze tii kwa nyingine. Usipoishika koki, nguvu yote inaingia kwenye kiungo kilichofichwa ndani ya vigae, na kuvuja kwake utakuja kukuona kwenye rangi ya ukuta wa jirani.

Valvu ndogo ikae kwenye tawi la tii, mahali mkono unapofika bila kuhamisha vitu. Mtu yeyote ofisini aweze kuifunga. Nasema hivi kwa uchungu. Ofisi niliyofanyia kazi zamani ilikuwa na valvu nyuma ya kabati lililojaa mafaili, na Jumatatu moja mlinzi alinipokea mlangoni: "Kaka, maji yenu yameshuka mpaka kwetu chini, tumehamisha kompyuta zote." Mrija mwembamba uliochomoka unaweza kutoa lita 2 kwa dakika kwa urahisi. Tangu Ijumaa saa kumi na mbili jioni hadi Jumatatu saa mbili asubuhi ni saa 62, yaani lita 7,440. Tangu siku hiyo, valvu yangu hufungwa kila Ijumaa.

Umefaulu kama: koki ya ukutani iko wazi, valvu ndogo imefungwa, na tishu kavu uliyoipitisha kwenye thredi zote imebaki kavu baada ya dakika 15.

## 3. Panga mfuatano, kisha funga filta

Kutoka kwenye tii, mfuatano ni huu: valvu ya kufunga, valvu ya njia moja, kipunguza presha, filta ya mchanga, filta ya kaboni, dispensa. Valvu ya njia moja ina mshale ubavuni, nao uelekee kwenye dispensa. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyokaa kwenye dispensa yasinyonywe kurudi kwenye bomba la jengo pale presha ya mtaa inapokatika, jambo ambalo kwenye mgao wa maji hutokea kila wiki.

Filta watu wengi huzifunga chini ya sinki kwa sababu kuna nafasi. Mimi nazifunga karibu na dispensa, na sababu yake ni klorini. Kaboni huondoa klorini, na ndiyo maana maji hupata ladha nzuri. Lakini maji yasiyo na klorini hayana tena kinga, na utelezi wa bakteria huanza kujenga ndani ya mrija. Filta zikiwa chini ya sinki, una mita 7 za mrija usio na kinga. Zikiwa kando ya dispensa, una nusu mita.

Kaboni yenyewe haiui vijidudu. Kama bomba la mtaa wenu hukatika na kurudi na maji ya udongo, ongeza taa ya UV au filta ya utando baada ya kaboni, au endelea kuyachemsha maji ya kunywa.

Ziache filta na nafasi ya chini ya kutosha kushusha kikombe chake siku ya kubadilisha. Sentimita 10 zinatosha kwa kawaida.

## 4. Pitisha mrija

Kata mabomba ya PVC, yafunge ukutani kwa klipu kila sentimita 50, kisha pitisha mrija ndani yake. Kufanya hivyo kuna faida mbili. Fagio na miguu ya viti havitaugonga mrija, na panya hawataufikia. Mrija ulioachwa wazi juu ya dari hutafunwa, na tundu la jino la panya kwenye presha ya baa 3 hurusha maji kama sindano.

Usiukunje mrija kwa pembe kali. Mviringo wa bendi uwe mpana kuliko ngumi yako, na mahali pasiporuhusu hivyo, tumia elbo. Mrija uliowahi kupondeka na kuacha alama nyeupe kata sehemu hiyo uitupe, kwani hapo ndipo utapasukia baadaye.

Nyuma ya dispensa acha mrija wa ziada wa mita 1 ulioviringishwa, ili siku ya usafi uweze kuivuta mbele bila kuuvuta mrija kwenye kiungo.

## 5. Kata na chomeka

Karibu kila kiungo "kibovu" nilichoitwa kukitazama kilikuwa kizima. Kilichokuwa kibovu ni ncha ya mrija.

Ndani ya fitingi ya kuchomeka kuna meno ya chuma yanayoushika mrija, na nyuma yake kuna oringi inayozuia maji. Oringi hubana kwenye ngozi ya nje ya mrija. Ngozi hiyo ikiwa na mkwaruzo, maji hufuata mkwaruzo kama mfereji na kupita chini ya oringi. Ncha ikikatwa mshazari, upande mmoja unaifikia oringi na mwingine unaishia kabla. Mkasi huponda mrija ukawa wa duara la yai, nao hauwezi kuzibwa na oringi ya duara kamili.

Kwa hiyo: kata kwa kikatio au wembe mpya, wima kabisa, mkato mmoja. Pitisha kidole kwenye ncha, na ukihisi unywele wa plastiki uondoe. Itazame sentimita 2 za mwisho kwenye mwanga. Kama kuna mikwaruzo, kata tena hapo juu.

Weka alama ya makapeni milimita 15 kutoka kwenye ncha. Sukuma mrija ndani. Utahisi ukigota mara ya kwanza, hiyo ni oringi. Watu wengi huachia hapo. Sukuma tena kwa nguvu, utaingia milimita chache zaidi na kugota kabisa. Alama yako sasa iwe imefika kwenye ukingo wa fitingi au karibu sana nao. Kisha uvute mrija kwa nyuma, meno yaume. Mwisho weka klipu ya kufungia chini ya pete.

Kuutoa, funga maji, toa presha, bonyeza pete kwa vidole viwili pande zote sawasawa, kisha vuta. Mrija uliotolewa una alama za meno, hivyo kata sentimita 2 kabla ya kuuchomeka tena. Usiirudishe ncha ile ile.

Umefaulu kama: unauvuta mrija kwa nguvu ya mkono na hautoki, na alama zote za makapeni zimefika ukingoni.

## 6. Osha mfumo kabla ya kuunganisha dispensa

Elekeza mwisho wa mrija kwenye ndoo. Fungua valvu polepole. Maji ya kwanza yatakuwa meusi kwa vumbi la kaboni, na vumbi hilo likiingia kwenye dispensa linaziba valvu zake ndogo. Mwaga lita 20 hivi, au hadi maji yawe safi kwenye glasi nyeupe.

Maji yakiwa na weupe kama maziwa, yaache kwenye glasi dakika 2. Weupe ukiondoka kuanzia chini kwenda juu, ni hewa tu. Ukituama chini, ni uchafu, endelea kumwaga.

Hapa pia rekebisha kipunguza presha, maji yakiwa yamefungwa upande wa dispensa. Sisi tulikiweka baa 2.5.

## 7. Mrija wa trei

Kosa la kwanza ni kutumia mrija wa robo inchi uliobaki. Maji yanayoingia kwenye mrija huu yanasukumwa na presha. Maji ya trei hayasukumwi na kitu isipokuwa uzito wake. Kwenye tundu la milimita 4, tone hushikamana na kuta na kukaa kama kizibo, hewa iliyo mbele yake haina pa kupita, na trei inajaa huku mrija ukionekana mtupu. Ndiyo maana nimesema milimita 12 za ndani.

Kosa la pili ni bonde. Mpira ukilegea kati ya klipu mbili, maji hutuama hapo na hewa inanaswa nyuma yake. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, bila kupanda hata mahali pamoja, na klipu zikae kila sentimita 40 kwa sababu mpira laini hulegea kuliko bomba.

Kwa ofisi yetu hesabu ilikuwa hivi. Chuchu ya trei iko sentimita 82 kutoka sakafuni. Mita 7 kwa sentimita 2 ni sentimita 14, hivyo mpira unafika kwenye sinki ukiwa kimo cha sentimita 68. Mdomo wa bomba la maji machafu tuliouandaa uko sentimita 50. Tunayo nafasi, kazi inawezekana. Fanya hesabu hii kabla ya kutoboa ukuta. Ukipata namba ya mwisho iliyo chini ya mdomo wa bomba lako, mteremko haupo, na utahitaji pampu ndogo yenye boya au kopo la kukusanyia linalomwagwa kila siku.

Kama trei yako haina chuchu, toboa kwenye kona iliyo chini zaidi, weka kiungo chenye wosha ya raba pande zote mbili, na ukaze kwa mkono. Spana itapasua plastiki.

Kosa la tatu ni la kiafya. Usiuzamishe mwisho wa mpira ndani ya bomba la maji machafu ukauziba kwa silikoni. Bomba likiziba, uchafu utapanda kwenye mpira hadi kwenye trei, pale watu wanapoweka vikombe. Weka faneli juu ya bomba la sinki, kabla ya ule mpindo unaobaki na maji, na uache mwisho wa mpira ukining'inia sentimita 2 na nusu juu ya ukingo wa faneli. Maji yadondoke kwenye hewa. Mpindo unazuia harufu, nafasi ya hewa inazuia uchafu, na ukiona faneli inajaa unajua bomba limeziba kabla trei haijaguswa.

Umefaulu kama: unamwaga nusu lita kwenye trei kwa mkupuo na inakauka ndani ya dakika 1, bila mlio wa kubwabwaja. Mlio ni hewa iliyonaswa. Tafuta bonde.

## 8. Unganisha, jaza, ndipo uwashe

Plagi ya umeme iwe nje ya soketi. Chomeka mrija nyuma ya dispensa, fungua valvu nusu, sikiliza ikijaa. Fungua bomba la maji baridi hadi yatoke bila kukatika, kisha bomba la moto vivyo hivyo.

Usiwashe swichi ya maji ya moto kabla maji hayajatoka kwenye bomba la moto kwa mfululizo. Elementi ikiwaka ndani ya tangi tupu huungua ndani ya dakika chache. Hii ndiyo hasara ya ghali kuliko zote kwenye kazi hii, na dukani hawatakubali kuibadilisha.

Soketi ya ukutani ikae pembeni na juu ya viungo vya maji, isiwe chini yake, na iwe na ethi.

Mwaga lita 5 za kwanza za kila bomba.

## 9. Ukaguzi wa usiku

Funga tishu kavu kwenye kila kiungo, kwa mpira wa nywele au uzi, kisha ondoka. Rudi asubuhi. Presha ya alfajiri imeshapita hapo, na tishu hukumbuka hata tone ambalo lingekauka kabla hujafika. Sisi tulikuta tishu moja imelowa, kwenye elbo ya nyuma ya filta ya kaboni. Alama ya makapeni ilikuwa milimita 4 nje ya ukingo. Kijana aliyeuchomeka alikuwa amegota kwenye oringi akaachia. Tulifunga maji, tukakata, tukasukuma mara mbili, na ikaisha.

## Baada ya hapo

Maji ya mgao yakirudi, yaache kwanza yatoke kwenye koki nyingine, sinki au bafu, hadi yawe safi, valvu ya dispensa ikiwa imefungwa. Udongo wa saa ya kwanza unaweza kuiziba filta ya maikroni 5 kwa siku moja.

Kila wiki mwaga jagi la maji ya vuguvugu yenye sabuni kwenye trei. Mtu akimwaga chai yenye sukari humo, utelezi huanza ndani ya siku chache, na utauona kwanza kama nyuzi nyeupe mwishoni mwa mpira, juu ya faneli. Maji yanayochemka usiyamwage, yanalainisha mpira na kutengeneza bonde.

Filta zibadilishwe kila miezi 6, au mapema kama maji yameanza kutoka taratibu. Kujua ni ipi imeziba, soma geji ukiwa umefungua bomba la dispensa. Ikiwa imewekwa kabla ya filta na bado inasoma baa 2 na zaidi huku maji yakitoka kama uzi, kizuizi kiko mbele ya geji, nayo mara nyingi ni filta ya mchanga.